Pesa Imeingia, lakini Imelipia Nini? Ripoti ya siku ya malipo ya simu katika maduka ya Butembo na Beni



Nimeombwa nizungumze juu ya malipo ya simu, nami nimechagua sehemu moja tu, ile orodha ya malipo ya siku ambayo kampuni ya simu humpa mwenye akaunti ya biashara. Wengi wenu mnaipata tayari. Kuna wanaoipokea kwa barua pepe asubuhi, na kuna wanaoishusha wenyewe kwenye ukurasa wa akaunti yao. Mkisha kuifungua, macho yanakwenda moja kwa moja chini kabisa, kwenye salio. Salio likiwa zuri, ripoti inafungwa na kazi inaendelea. Mimi naomba leo tukae kwenye mistari ya katikati, ile yenye saa, namba ya muamala, namba ya simu ya aliyelipa na kiasi, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kuambatanishwa, mmoja mmoja, na mauzo mliyoandika kwenye kaye.

Kwanza tukubaliane juu ya jambo ambalo likichanganywa linaharibu hesabu yote. Ripoti ya kampuni ya simu haijui mauzo. Inajua mapokezi. Mteja aliyechukua misumari Ijumaa akalipa Jumatatu ameleta pesa Jumatatu, lakini mauzo ni ya Ijumaa. Mteja wa Mulekera kule Beni aliyetuma akonti leo ili mumwekee mabati hadi gari lipatikane ameleta pesa, na mauzo bado hayajafanyika. Aliyelipa deni la mwezi uliopita naye yumo katika ripoti hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akichukua jumla ya ripoti akaiita mauzo ya siku amekosea, na akichukua jumla ya kaye akaitazamia iwe sawa na jumla ya ripoti amekosea pia. Hizo ni hesabu mbili tofauti zenye mistari mingi ya pamoja, na ulinganisho ni kazi ya kutafuta mistari hiyo ya pamoja, kisha kueleza inayobaki upande huu na upande ule.

Hapa kwetu kazi hiyo ina ugumu wake. M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini mwetu mwaka 2012, na leo duka la kawaida katika komini ya Kimemi linapokea kwa M-Pesa, kwa Airtel Money na kwa Orange Money, kwa sababu hakuna anayetaka kumrudisha mteja aliyesimama na pesa mkononi. Kila huduma ina akaunti ya dola na akaunti ya faranga, na hizo hazichanganyiki: aliyetuma faranga ameingiza kwenye faranga, hata kama bei mliyokubaliana ilikuwa ya dola. Mwenye duka mmoja, basi, ana vifuko sita, na kila kimoja kina mapokezi yake, makato yake na salio lake. Kila kifuko kilinganishwe peke yake. Ukiviunganisha kabla ya kulinganisha, kosa la kimoja linajificha ndani ya kingine.

Ugumu wa pili ni umbali. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za kule zilifunga, na Beni ikafanywa makao ya muda ya serikali ya jimbo. Pesa nyingi inayotembea kati ya miji yetu sasa inatembea ndani ya simu, na aliyeituma hayupo mbele ya kaunta. Aliyeko mbele ya kaunta unaweza kumuuliza, "Mama, hii ni ya nini?" Aliye mbali ametuma dola 60, simu yake imezima, na kijana wa duka hajui pesa hiyo ni ya nani wala ya nini. Asipoandika kitu siku hiyo, baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka.

Sasa tuje kwenye kaye. Ripoti haitakusaidia kama kaye imeandikwa "M-Pesa, 84" na basi. Kila mauzo yaliyolipwa kwa simu yahitaji namba ya faktire, kiasi, dola au faranga, jina la huduma, herufi nne za mwisho za namba ya muamala iliyokuja kwenye ujumbe, na tarakimu tatu za mwisho za simu ya aliyelipa. Mtu mwenye kalamu anaandika hivyo kabla mteja hajakunja risiti yake. Kati ya hayo yote, namba ya muamala ndiyo nguzo. Kiasi kinaweza kurudiwa na wateja kumi kwa siku moja, kwa kuwa bidhaa zetu zina bei zinazojulikana. Jina linaweza kuwa la mume wakati aliyenunua ni mke. Namba ya muamala haitumiki mara mbili katika huduma moja.

Najua katika maduka mengi simu yenye namba ya biashara haikai dukani. Iko kwa patroni, na patroni yuko Kasindi anasubiri mzigo, au yuko Kampala. Kijana anapiga simu: "Patroni, themanini na nne imeingia?" Patroni anajibu, "Imeingia, mpe mali." Mali inatoka. Lakini ile namba ya muamala imebaki Kampala, na kwenye kaye hakuna cha kuambatanisha. Kama hamwezi kuiacha simu dukani, basi mteja mwenyewe aonyeshe ujumbe alioupata kwake, maana namba ya muamala iko huko pia, na kijana ainakili. Halafu patroni, anapoulizwa, asijibu "imeingia" tu. Asome herufi nne za mwisho, na kijana azilinganishe na alizoandika.

Tuchukue duka la mfano, nililolitunga kwa ajili ya mazungumzo haya. Ni depo ya vifaa vya ujenzi hapa Butembo yenye tawi Beni, umbali wa kilomita zinazozidi hamsini kidogo kwa barabara ya taifa namba 2. Tuangalie kifuko kimoja, M-Pesa ya dola, siku moja ya Jumanne.

Ripoti inaonyesha mapokezi sita: 84.00, 120.00, 45.60, 60.00, 36.00, na 84.00 nyingine. Jumla ni dola 429.60. Inaonyesha pia dola 400 zilizotumwa kwa mtoa simenti wa Kasindi, na makato ya dola 2 kwa utumaji huo. Salio la asubuhi lilikuwa 310.00, la jioni ni 337.60.

Kabla ya kugusa kaye, ihakiki ripoti yenyewe. Chukua 310.00, ongeza 429.60, toa 400, toa 2. Unapata 337.60, sawa na inavyosema. Tena hakikisha kwamba 310.00 ya asubuhi ni ile ile iliyofunga ripoti ya Jumatatu. Hesabu hii ni ya dakika moja, na watu wengi wanairuka. Inakuhakikishia kwamba ripoti imekamilika: hakuna ukurasa uliokosekana, hakuna mstari uliofutwa na mtu kabla haujafika kwako. Salio la kufungua likiwa halifanani na la kufunga jana, usiendelee. Omba ripoti upya, kwa sababu utakuwa unalinganisha kaye nzima na ripoti nusu.

Kaye ya siku hiyo, upande wa M-Pesa ya dola, ina mauzo sita pia: 84, 120, 45, 36, 55 na 84. Jumla ni dola 424.

Mnaona ilivyo? Mistari sita kwa sita. Jumla 429.60 dhidi ya 424. Tofauti ni dola 5.60, na zaidi ya hayo ni ziada, si upungufu. Jioni, baada ya siku ndefu, nani atahangaika na ziada ya dola tano? Wengi wataandika "sawa" na kufunga. Nami nawaambia kwamba ndani ya hizo dola tano na senti sitini mna mambo matatu, na moja kati ya hayo ni la dola 55.

Tuambatanishe kwa namba ya muamala. Ile 84 ya asubuhi inakutana na yake, 120 na yake, 36 na yake. Ile 84 ya alasiri inakutana na yake pia, na hapa herufi nne za mwisho zimetuokoa, maana kwa kiasi tupu tusingejua 84 ipi ni ya faktire ipi. Mteja mmoja akirudi kesho kusema alilipa mara mbili, jibu litakuwa kwenye kaye na si katika mabishano.

Inayofuata ni 45.60 kwa 45. Namba ya muamala ni moja, viasi ni viwili. Hili ni jambo tunalolijua sote: mteja ameongeza pesa ya kutolea, ili mwenye duka akienda kabine apate 45 kamili. Senti 60 hizo si bei ya mali, wala si kosa la kijana. Ziandikwe peke yake kama malipo ya gharama ya kutoa, kwa sababu mwisho wa mwezi zitakabiliana na makato ambayo kabine na kampuni watakuwa wamechukua. Mkiziacha ndani ya mauzo, mauzo yanavimba. Mkizipuuza, jumla haitafunga hata siku moja, na mtu ambaye jumla yake haifungi kwa sababu ya senti huzoea kutofunga, akapitwa na dola.

Sasa upande wa ripoti umebaki na mstari mmoja usio na mwenzake, 60.00. Upande wa kaye umebaki na mmoja pia, 55. Kishawishi ni kuiunganisha: labda ni mteja huyo huyo, labda kijana aliandika vibaya. Msifanye hivyo. Namba za muamala si moja, na hilo linatosha.

Tuanze na 60. Ni pesa iliyoingia bila mauzo. Maswali ya kuuliza ni machache: ni akonti, ni deni la zamani, ni mauzo ambayo kijana amesahau kuyaandika, au ni mtu aliyekosea namba? Tarakimu za simu zinafanana na za fundi mmoja wa Beni ambaye yumo katika daftari la wateja. Anapigiwa, anajibu kwamba ametuma akonti ya mabati atakayoyachukua Ijumaa. Hiyo ni pesa yake bado. Inaandikwa katika ukurasa wa akonti, pamoja na namba ya muamala, na itahamia kwenye mauzo siku ambayo mabati yatatoka. Wale wanaofuata mpango wa hesabu wa OHADA, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 2012, wataiweka 60 hiyo kati ya akonti za wateja. Pesa iliyo kwenye simu ina mahali pake pia katika mpango uliorekebishwa na kuanza kutumika mwaka 2018, yaani akaunti ya 55, tofauti kabisa na pesa taslimu iliyo katika 57. Mwanya huo kati ya 55 na 57 una faida kubwa: unamlazimisha mtu kuacha kuhesabu pesa ya simu kana kwamba iko ndani ya droo.

Imebaki ile 55 ya kaye, mali iliyotoka bila pesa kuonekana. Hapa watu hukimbilia kumshuku kijana. Taratibu. Kwanza tazama akaunti ya faranga ya huduma hiyo hiyo. Kisha tazama huduma nyingine mbili, maana kijana anaweza kuandika M-Pesa wakati ni Airtel Money. Kisha tazama ripoti ya tawi. Na katika mfano wetu ndiko ilipo. Kitabu cha faktire kimechapwa na namba mbili, ya Butembo na ya Beni, na mteja alisoma ya chini. Ripoti ya Beni ya Jumanne ina 55.00 ambayo kaye ya Beni haina, namba ya muamala ni ile ile, na mtunza hesabu wa Beni alikuwa amekaa nayo akijiuliza ni ya nani. Mistari miwili iliyokosa mwenzake katika miji miwili imefungana. Pesa haikupotea. Lakini kama kila tawi lingelinganisha peke yake bila kupeana mabaki, Butembo wangemkata kijana mshahara, na Beni wangekuwa na ziada isiyo na jina.

Na kama 55 hiyo isingeonekana popote? Basi ujumbe aliouonyesha mteja ungekuwa wa uongo, au muamala ungekuwa haukukamilika. Ujumbe wa uongo una alama zake, na mojawapo inaweza kuthibitishwa papo hapo ikiwa simu ya duka iko dukani. Kila ujumbe wa kweli unaoingia kwenye simu yako unataja salio jipya, na salio hilo lazima liwe salio lililotangulia pamoja na kiasi kilichoingia. Kama salio lako lilikuwa 514.00 na ujumbe unasema umepokea 55.00 na salio ni 212.40, mlolongo umekatika. Aliyeutunga hakujua una kiasi gani. Alama nyingine ni kwamba umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma. Ukiwa na shaka, fungua menyu ya huduma mwenyewe, `*1122#` kwa M-Pesa, uliza salio, na mali ikae mahali pake hadi upate jibu.

Mnaona pia kwa nini ripoti iwe ya kila siku. Mteja wa dola 55 bado namba yake inapatikana. Kijana bado anakumbuka sura yake na alichobeba. Mabaki ya siku moja ni mawili, matatu. Ukingoja mwisho wa mwezi utakuwa na mabaki sitini, nusu ya watu wamebadilisha laini, na kishawishi cha kuoanisha 60 na 55 kitakuwa kikubwa kuliko nguvu ya mtu yeyote aliyechoka.

Jumatano asubuhi ripoti nyingine inafika, na ndani yake mna mstari unaotoa dola 36.00 kutoka kwenye akaunti, ukitaja namba ya muamala wa jana. Ni ile 36 tuliyokwisha kuifunga. Mteja ameiambia kampuni kwamba alikosea namba, na muamala umebatilishwa. Mali ilishatoka. Ujumbe wa jana kwenye simu bado unasomeka "umepokea", na mwenye kutegemea ujumbe peke yake hatajua mpaka siku atakapokuta salio limepungua bila kuelewa. Ripoti inaonyesha kurudishwa huko pamoja na muamala uliozaa jambo lenyewe. Ukilinganisha kila asubuhi, una saa chache tu kati ya kubatilishwa na kugundua. Unaweza kupeleka faktire iliyosainiwa na namba ya muamala kwa kampuni, ukadai. Kwa hiyo muamala uliofungwa leo unaweza kufunguliwa kesho, na jambo la kwanza kutafuta katika ripoti mpya ni mistari inayotaja namba za zamani.

Tuguse faranga. Bei zetu nyingi ni za dola, wateja wengi wanalipa faranga. Tuseme bati na rangi vimefika dola 40, na kiwango cha duka asubuhi hiyo ni faranga 2,300. Mteja anatuma faranga 92,000. Kwenye ripoti ya faranga kuna 92,000, na kwenye kaye andikeni vyote vitatu: dola 40, kiwango 2,300, faranga 92,000. Unapolinganisha, linganisha 92,000 kwa 92,000. Usichukue jumla ya faranga jioni ukaigawa kwa kiwango cha jioni. Kama wabadilishaji wa barabarani wamefika 2,350, hizo 92,000 zitaonekana kuwa dola 39.15, na utamwuliza kijana senti 85 ambazo hakuzila. Mabadiliko ya kiwango ni hasara au faida ya biashara, na yanaandikwa siku utakapozibadilisha faranga hizo kuwa dola. Hayana nafasi katika ulinganisho wa risiti.

Kuna na suala la saa, ambalo kwa upande wetu wa mashariki lina uzito wake. Sisi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Ripoti ikitengenezwa kwa saa za Kinshasa, muamala wa saa tatu na robo asubuhi hapa utasomeka saa mbili na robo kule, na siku yao itafungwa wakati kwetu saa saba ya usiku imegonga. Akonti iliyotumwa nusu saa baada ya usiku wa manane wetu itaangukia ripoti ya jana. Msikisie. Jitumieni kiasi kidogo kutoka simu nyingine, andikeni saa ya ukutani, kesho yake tazameni saa iliyoandikwa kwenye ripoti. Mkishajua, andikeni juu ya kaye: "ripoti iko saa moja nyuma." Hilo huondoa mabaki mengi ya uongo ya usiku, hasa ya wateja wa mbali.

Kwa wenye kompyuta, kazi ya kutafuta namba za muamala inaweza kufanywa na Excel, mradi mmenakili namba nzima na si herufi nne. Wekeni ripoti katika ukurasa unaoitwa Ripoti, namba za muamala katika safu ya A, na kaye katika ukurasa mwingine, namba katika safu ya B. Kompyuta zetu nyingi zina Excel ya Kifaransa, hivyo fomula ni hii:

```
=NB.SI(Ripoti!A:A;B2)
```

Ikitoa 1, muamala umepatikana. Ikitoa 0, haupo katika ripoti. Kisha fanyeni hivyo hivyo kutoka upande wa ripoti kuelekea kaye: hapo 0 ni pesa isiyo na mauzo, na 2 inamaanisha muamala mmoja umeandikwa kwa faktire mbili, yaani mali imetoka mara mbili kwa pesa moja. Huo mstari wa 2 muuchukulie kwa uzito, maana ni ujanja wa kawaida: ujumbe mmoja wa kweli unaonyeshwa asubuhi kwa kijana mmoja na jioni kwa mwingine. Tahadhari moja: Excel ya Kifaransa inatumia mkato penye senti. Ripoti ikija na nukta, 45.60 itahesabiwa kuwa maandishi, na jumla ya safu itatoka sifuri au pungufu. Badilisheni nukta kuwa mkato kabla ya kujumlisha, na mhakikishe jumla ya safu ni ile iliyo kwenye ripoti yenyewe.

Nani afanye kazi hii? Asiwe yule anayepokea pesa. Katika duka la watu wawili, anayeuza aandike kaye, na mwingine ashushe ripoti na kulinganisha. Kama duka ni la mtu na mkewe, mmoja auze, mwingine alinganishe. Na ripoti isiachwe kaunta, kwa kuwa ina namba za simu za watu na viasi walivyolipa, na katika miji yetu hiyo ni habari ambayo mtu mbaya angeilipia.

Nimalizie na kile ambacho ripoti haiwezi kukionyesha, kwa sababu mtu akikipuuza ataiamini kupita uwezo wake. Kama kijana amemwambia mteja, "Tuma kwenye namba hii," na namba hiyo ni yake mwenyewe, pesa haikupita kwenye akaunti ya duka na mauzo hayakuandikwa kwenye kaye. Pande zote mbili ziko kimya, na ulinganisho unafunga vizuri kabisa. Hakuna mstari wowote utakaobaki bila mwenzake. Kitakachosema ni mali. Chagueni kila jioni bidhaa mbili tu zenye thamani, leo mabati na rangi, kesho simenti na nondo, bila kumtangazia mtu. Hesabuni zilizokuwapo asubuhi, toeni zilizoandikwa kwenye faktire, kisha mkahesabu zilizobaki kwenye depo. Mabati 140 asubuhi, faktire zimetoa 24, depo iwe na 116. Ikiwa na 104, mabati 12 yametoka bila faktire, na kwa bei ya dola 7 ni dola 84 ambazo hakuna ripoti ya kampuni yoyote ya simu itakayowaonyesha. Na namba ya biashara iandikwe kwa rangi ukutani, kubwa, juu ya kaunta, ili mteja aisome mwenyewe bila kumwuliza mtu.